Rangi Ianzie Mkononi

Somo la kupaka rangi nywele nyumbani halianzii kichwani. Linaanzia ndani ya mkono, kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa tone la rangi lisilozidi ukubwa wa sarafu ndogo, siku mbili kabla mtu hajagusa unywele hata mmoja. Ukitaka kuendesha mafunzo haya mtaani kwako, kwenye kikoba au jumuiya, hilo ndilo jambo la kwanza la kupanga, na ndilo litakalokuletea mabishano kuliko yote. Akina mama huja wameshafumua misuko, watoto wameachwa kwa jirani, pakiti ya rangi iko kwenye pochi, na nia yao ni kurudi nyumbani mvi hazionekani. Wewe unawaambia leo ni mkono tu.

Mpango ninaoueleza hapa niliuanza baada ya miaka kadhaa ya kazi ya saluni Dar es Salaam, nilipochoka kupokea watu waliojipaka nyumbani wakaja kwangu kope zimevimba. Unahusu jambo moja: kufunika mvi kwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyoiva. Blichi haimo. Kutoa weusi wa nywele ni kazi nyingine kabisa, na kichwa chenye dawa kikipigwa blichi na mtu anayejifunza, nywele hukatika zikabaki kwenye kitana. Anayetaka rangi ya dhahabu aende kwa msusi mwenye uzoefu. Sisi tunatia giza, hatutoi.

Washiriki wasizidi kumi na wawili, yaani jozi sita. Katika kila jozi mmoja anapaka na mwenzake anapakwa, kisha siku nyingine wanabadilishana. Vikao ni viwili: Alhamisi saa 10 jioni na Jumamosi saa 10 jioni. Kuna kikundi kimoja kiliniomba Jumamosi iwe asubuhi ili watu wawahi shughuli. Nikawapigia hesabu: Alhamisi saa 10 jioni mpaka Jumamosi saa 4 asubuhi ni saa 42. Tunazohitaji ni 48. Walinuna, lakini walikuja jioni.

Kwa nini saa 48? Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi Alhamisi, kwa sababu asiyeelewa sababu atairuka hatua hii mara tu atakapokuwa peke yake bafuni.

Rangi nyingi za kudumu, piko ikiwamo, zinategemea kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Ilianza kujulikana katika karne ya 19, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imekuwa nguzo ya biashara ya rangi za nywele duniani. Siri yake ni udogo. Chembe za PPD ni ndogo kiasi cha kupenya magamba ya unywele na kuingia ndani. Amonia, au kitu kinachofanya kazi kama yake, huyainua magamba hayo. Haidrojeni peroksidi, ambayo saluni tunaiita developa, inaziunguza zile chembe kwa oksijeni, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa kubwa na nyeusi. Ziliingia zikiwa ndogo, sasa haziwezi kutoka. Ndiyo maana rangi hii haiondoki kwa kuosha.

Udogo huohuo ndio ubaya wake, kwa kuwa chembe inayopenya unywele hupenya pia ngozi. Kwa baadhi ya watu, mwili unaiona PPD kama adui. Mara ya kwanza hauonyeshi chochote, unaikariri tu, na kukariri huko huchukua wiki kama mbili. Siku adui akirudi, iwe mwezi ujao au baada ya miaka kumi, mwili unamkumbuka, lakini bado unahitaji muda wa kukusanya askari wake. Kwa kawaida dalili hutokea kati ya siku moja na tatu baada ya kupaka. Ukijaribu asubuhi ukaangalia jioni, ngozi itakudanganya.

Kila kikundi hakikosi mama anayesema, "Mwalimu, mimi napaka piko tangu nilipoolewa, leo ndiyo initoe malengelenge?" Ndiyo, inawezekana. Mzio huu haupungui kwa mazoea. Kila kupaka ni nafasi nyingine ya mwili kukariri, kwa hiyo miaka 20 bila tatizo haikupi kinga yoyote. Ndiyo sababu kipimo cha mkono kinarudiwa kila safari, hata kama rangi ni ileile kutoka duka lilelile, maana mtengenezaji anaweza kubadili mchanganyiko bila kubadili picha ya pakiti.

Kabla ya kudondosha tone, ninauliza maswali. Nauliza faragha, kwenye kona, si mbele ya wote, kwa sababu majibu mengine yana aibu. Umewahi kuwashwa au kuvimba baada ya rangi yoyote? Kichwani kuna kidonda, mapunye, au mahali palipochubuliwa na misuko iliyokazwa? Dawa ya kunyoosha nywele uliweka lini? Una ujauzito? Mwenye ujauzito ninamshauri asubiri, angalau miezi mitatu ya kwanza ipite, na azungumze na wahudumu wa kliniki yake. Aliye chini ya miaka 16 hapakwi.

Swali la mwisho ndilo linalowashangaza: umewahi kupakwa piko mwilini, kwenye harusi?

Pwani yetu yote, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na visiwani, bibi harusi na wenzake huchorwa maua mikononi na miguuni. Hina halisi, ile ya majani ya mhina, hutoa rangi ya machungwa iliyoiva hadi wekundu wa kahawia, na inataka saa kadhaa ikolee. Maua meusi tititi yanayotoka baada ya muda mfupi hayakutokana na jani. Hiyo ni piko, yaani rangi ya nywele iliyopakwa kwenye ngozi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, PPD inayofika kichwani baada ya kuchanganywa hairuhusiwi kupita asilimia 2, lakini michoro meusi ya namna hii imewahi kupimwa ikakutwa na zaidi ya asilimia 15. Tena inakaa juu ya ngozi mpaka ikauke. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuufundisha mwili kuichukia PPD. Msichana huchorwa akiwa na miaka kumi na mitano, anawashwa kidogo, anasahau. Akifika miaka arobaini anapaka mvi zake kwa mara ya kwanza, na uso unavimba mpaka macho yanafumba.

Aliyewahi kupata malengelenge au uvimbe kwa piko au kwa rangi ya nywele hatumpimi hata mkono. Kipimo kwake ni hatari yenyewe. Anabaki darasani ajifunze kumpaka mwenzake, akiwa na glovu.

Waliobaki wanatoa pakiti zao tunazisoma. Akina mama wengi huamini kwamba rangi ya unga, inayochanganywa na maji matupu, haina kemikali. Unga huo una PPD au ndugu yake, na ndani yake kuna kitu kinachotoa peroksidi mara tu kikiguswa na maji. Maandishi makubwa ya "haina amonia" nayo hayasemi lolote kuhusu PPD. Nawafundisha kutafuta, kwenye maandishi madogo ya viungo, neno refu linaloishia kwa herufi d-i-a-m-i-n-e. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kuzisaka herufi hizo saba kwa kidole. Pakiti isiyoonyesha viungo, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi wala karatasi ya maelekezo, hairudi Jumamosi. Wala mawe au unga mweusi wa kupimiwa kwa kijiko sokoni: hiyo inaweza kuwa PPD tupu. Sumu hiyo ikimezwa huvimbisha koo na kuua figo, na madaktari wa Khartoum wamekuwa wakiandika habari zake tangu miaka ya 1980. Nyumbani rangi ikae juu, penye kufuli, mbali na watoto.

Ndipo tunafika mkononi. Sehemu ya ndani ya kiwiko inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Rangi kidogo inaandaliwa kama karatasi ya pakiti inavyosema kuhusu kipimo, maana baadhi ya watengenezaji wanataka ipakwe kabla ya kuchanganywa na developa na wengine baada ya kuchanganywa. Inapakwa kwa kijiti cha pamba, inaachwa ikauke, haifungwi bandeji. Kisha mtu anaenda nyumbani na onyo moja: pakianza kuwasha, kuwa pekundu, kuvimba au kutoa maji, osha mara moja na usipake kichwani. Pasipotokea kitu, njoo Jumamosi. Ninawaambia pia ukweli ambao hawaupendi, kwamba mkono safi unapunguza hatari lakini hauiondoi. Wapo wachache ambao mkono ulinyamaza na kichwa kikasema.

Jambo lingine la kupeleka nyumbani ni nywele zenyewe. Misuko iwe imefumuliwa siku kadhaa kabla, ngozi ipumzike. Dawa ya kunyoosha isiwekwe ndani ya wiki mbili kabla ya rangi, wala wiki mbili baada yake, kwani dawa huacha ngozi imechubuka bila mwenyewe kujua, na magamba ya unywele yakiwa wazi hunywa rangi kupita kiasi. Kichwa kisioshwe siku ya kupaka, wala kisikunwe. Mafuta ya asili ya ngozi ni ngao. Vumbi na mafuta mazito ya nywele, lakini, yaoshwe siku moja kabla.

Jumamosi saa 10 tunaanza kwa kukunja mikono ya magauni. Tunasimama mlangoni penye mwanga tukitazama viwiko kimoja kimoja. Rangi yenyewe huacha doa jeusi, hilo si tatizo. Tunachotafuta ni wekundu unaozunguka doa, vipele, ngozi iliyoinuka unapopitisha kidole macho yamefumbwa. Katika kikundi kimoja, mama mmoja alikuja na mkono mrefu wa gauni ameushika kwa vidole. Alikuwa amewashwa tangu Ijumaa usiku, lakini alitumaini kwamba nikiangalia kwenye kivuli sitaona. Alikuwa na harusi ya binti yake wiki inayofuata. Tuliosha mkono kwa sabuni na maji mengi, nikamwambia aende zahanati na pakiti yenyewe ili waione. Kichwani alipaka hina ya majani, mvi zikawa za rangi ya shaba. Tuliiangalia kwanza pakiti ya hiyo hina pia, kwa sababu unga unaoitwa hina lakini unaotoa weusi ndani ya saa moja umetiwa kitu, mara nyingi PPD hiyohiyo au chumvi za madini. Na chumvi hizo zikikutana baadaye na peroksidi zinaweza kutoa joto kali na kuukaanga unywele.

Sasa tuchukue kichwa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Ni mama wa miaka 54, mvi zimekaa kwenye panja na utosini, nywele zina dawa aliyoweka wiki nne zilizopita. Rangi alipaka mwisho miezi miwili iliyopita. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na za kwetu za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo, kwa hiyo ana kama sentimita mbili za mvi mpya, na zilizobaki bado ni nyeusi za rangi ya zamani. Amekuja na rangi ya krimu: bomba la mililita 60 na chupa ya developa ya asilimia 6, ambayo saluni huitwa namba 20. Kwa kufunika mvi na kutia weusi, hiyo inatosha. Namba 30 na 40, yaani asilimia 9 na 12, ni za kutoa rangi, na zinachoma bure.

Kabla ya kuchanganya rangi yote tunafanya jaribio la unywele. Tunakata nywele chache nyuma ya sikio, tunazifunga kwa uzi, tunazipaka rangi kidogo na kuzitazama kila dakika kumi, tukifuta kwa tishu. Kwa mama huyu, dakika 20 sehemu iliyokuwa nyeusi imeshakuwa nyeusi zaidi ya ilivyotakiwa, lakini mvi bado ni kahawia. Dakika 35 mvi zimefunikwa. Karatasi yake inaruhusu hadi 40. Hapo tumepata majibu mawili: mvi zitakaa dakika 35, na nywele za zamani hazihitaji rangi. Makosa ya nyumbani yanayoonekana kwa mbali zaidi ni haya ya kupaka kichwa chote kila mara, ncha zikajaza rangi juu ya rangi mpaka zikawa kama zimepigwa kiwi ya viatu, ngumu, hazina mng'aro.

Saa imewekwa mezani. Anayepakwa amevaa nguo ya zamani yenye vifungo mbele, ili isivuliwe kupitia kichwani. Ameondoa hereni. Mafuta mazito ya kujipaka yanapitishwa kwenye paji, nyuma ya masikio na kisogoni, juu ya ngozi tu. Yakigusa mvi za ukingoni yatazuia rangi, halafu atalalamika kwamba rangi ni mbovu. Anayepaka anavaa glovu. Madirisha yako wazi na hakuna jiko linalowaka karibu.

Nywele zinagawanywa mafungu manne: mstari mmoja kutoka paji hadi kisogo, mwingine kutoka sikio hadi sikio, kila fungu limebanwa. Ndipo rangi inachanganywa, si kabla, kwa sababu kazi ya kemikali inaanza sekunde mchanganyiko unapokutana. Bakuli liwe la plastiki au kioo, na brashi isiwe na chuma. Pakiti ya mama huyu inasema kipimo sawa kwa sawa, kwa hiyo mililita 30 za krimu na 30 za developa, nusu ya bomba, kwa mizizi tu. Nusu ya kila kimoja inabaki kwenye chombo chake kwa safari ijayo, kama maelekezo yake yanaruhusu. Kilichochanganywa hakihifadhiwi hata tone. Kinaendelea kutoa oksijeni, na ukikifunga kwenye chupa kinaweza kuipasua.

Tunaanzia kwenye mvi nyingi, kwa mama huyu ni utosini kisha panja. Mkia wa kitana unachora mstari, nywele zinalazwa, brashi inapaka kwenye nywele mpya bila kuisugua ngozi, kisha mstari mwingine nusu sentimita pembeni. Nusu sentimita ndiyo siri ya kazi safi. Ukichukua fungu nene kama kidole, rangi inabaki juu na chini mvi zinachungulia, na siku ya pili kichwa kina madoa kama kanga. Ukingo wa uso unapakwa mwisho, kwa kuwa nywele za hapo ni laini na ndizo zinazokatika kwanza. Nyusi na kope hazipakwi kamwe. Mwaka 1933 huko Marekani wanawake waliumizwa macho, mmoja wao akapofuka, kwa rangi ya kope yenye PPD, na kisa hicho kilikuwa kati ya vilivyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoviingiza vipodozi chini ya usimamizi wa serikali.

Dakika za kusubiri zinahesabiwa kuanzia mstari wa mwisho ulipopakwa, au kama pakiti inavyoelekeza. Mwanafunzi anayechelewa kupaka, na wote wanaoanza huchelewa, aangalie zile sehemu za kwanza: kama amepaka kwa dakika 25, utosi utakuwa umekaa saa nzima. Ndiyo maana darasani nawataka wamalize ndani ya dakika 15, na mwenye nywele nyingi apakwe na watu wawili. Kusubiri si muda wa kupika wala kuchota maji. Mwenzake anakaa naye na kuuliza kila dakika tano: inachoma? Kuwashwa kidogo kwa amonia hutokea. Kuchoma kunakoongezeka, midomo kuvimba, kifua kubana, hapo hatungoji saa. Tunaosha papo hapo, na kwa dalili za kupumua kwa shida tunakimbilia hospitali kichwa kikiwa bado kinachuruzika maji.

Rangi ikiingia jichoni, jicho linafunguliwa kwa vidole na kumwagiwa maji safi ya kawaida, yakitiririka taratibu, kwa dakika 15 kamili, kisha kituo cha afya. Lenzi za macho zitolewe kama zinatoka kwa urahisi, bila kuchelewesha maji.

Maji yenyewe yanastahili aya yake. Mafunzo yangu ya pili yalikaribia kuharibika kwa sababu nilitegemea bomba la ukumbi. Vichwa sita vilikuwa na rangi, nikafungua bomba, likakohoa. Tulichota kwa jirani, ndoo kwa ndoo, na wawili wa mwisho walikaa dakika 20 zaidi ya muda wao. Kwa bahati ngozi zao hazikuumia, ila ncha zao zilikauka kama makuti, na lawama zote zilikuwa zangu. Tangu siku hiyo kila kichwa kina ndoo yake ya lita 20 iliyojaa kabla pakiti haijafunguliwa, na moja ya akiba.

Kuosha kunafanywa kichwa kikiwa kimelazwa nyuma, maji ya uvuguvugu yakielekea kisogoni. Wengi nyumbani huinama mbele ya beseni, na maji meusi yanapita machoni, kwenye kope, shingoni, sehemu zilezile zinazovimba kwa urahisi zaidi. Kwanza maji kidogo na vidole, kukoroga rangi itoke ukingoni. Kisha maji mpaka yawe meupe. Kisha shampuu, na mwisho kilainisho chenye asidi kidogo, kile kinachokuja ndani ya pakiti au cha kawaida, kiyalaze magamba tena. Glovu zinavuliwa baada ya kuosha, si kabla. Nawaona wengi wakizivua kwa sababu "sasa ni maji tu". Hayo maji bado ni rangi.

Kikao hakiishii Jumamosi. Mpaka Jumanne jioni kila jozi inatakiwa kunitumia ujumbe, na siulizi kama rangi imependeza. Nauliza masikio, kope na shingo, kwa sababu mzio wa kichwani mara nyingi hujionyesha pembeni: ngozi ya kichwa ni nene, ya kope ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwenye kuamka Jumatatu macho yamevimba aoshe kichwa tena kwa shampuu, aende hospitali na pakiti, na rangi aiache maisha yake yote. Asijaribu kampuni nyingine kwa matumaini, kwani mwili uliokataa PPD mara nyingi huwakataa na ndugu zake.

Baada ya wiki kadhaa watu huniuliza kwa nini weusi unageuka wekundu wa kahawia juani. Ni ile peroksidi. Wakati inaikuza rangi mpya, iliung'arisha kidogo weusi wa asili uliokuwa ndani ya unywele, na sasa rangi ya juu ikififia kwa jua na sabuni, ule wekundu wa chini unaonekana. Kupaka tena upesi hakuponyi. Kunazidisha. Kitambaa kichwani wakati wa jua kali, shampuu isiyo kali na kuosha kwa nafasi vinasaidia zaidi.

Yule mama wa miaka 54 aliandika tarehe nyuma ya kalenda ya benki iliyoko jikoni kwake. Wiki nane mbele, mvi zitakapokuwa zimeota tena karibu sentimita mbili, ameandika Jumamosi. Na siku mbili nyuma yake, Alhamisi saa 10, ameandika neno moja: mkono.